Hisa, mgawo wa mauzo au mudharaba? Njia tatu za kuomba mtaji wa biashara ya urembo Lamu

Mwenye nyumba ya wageni kule Shela amesema ana shilingi 500,000 anazoweza kuziweka katika kazi ya mtu, na yuko tayari kukusikiliza Alhamisi baada ya alasiri. Wewe unatengeneza mafuta ya nazi, sabuni na singo katika chumba cha nyuma hapo Langoni. Mzigo wako unajulikana, maharusi wanakutuma, na tayari umeandika kwenye karatasi kwamba unamwomba laki tano kwa asilimia 20 ya biashara. Hiyo asilimia 20 umeitoa wapi? Wengi niliowatunzia hesabu huniambia wameisikia tu mahali.

Kabla ya kutaja asilimia yoyote kuna uamuzi mwingine: mwenye fedha aingie kwa mlango gani. Ipo milango mitatu ambayo mtu wa mtaji mdogo wa pwani huweza kuielewa bila kumlipa wakili fedha nyingi kuliko mtaji wenyewe. Anaweza kununua hisa, anaweza kupewa mgawo wa mauzo mpaka afikie kikomo, au mnaweza kufunga mudharaba, yaani yeye atoe fedha, wewe utoe kazi, na faida mgawane. Mkopo wa riba nimeuacha nje kwa sababu anayeutaka hahitaji ulinganisho, na wengi wetu hatuutaki.

Nitapima kila mlango kwa mambo yale yale: fedha zinafaa kutumika wapi, thamani ya biashara inahesabiwaje, mwenye fedha anarudishiwa nini na lini, ugomvi utazuka wapi, na mlango wenyewe unamfaa nani. Katika hayo, mimi huanza na ugomvi. Kwenye hisa watu hugombania mgao, kwenye mgawo wa mauzo hugombania mauzo, na kwenye mudharaba hugombania gharama. Chagua lile ambalo daftari lako linaweza kulijibu.

Hesabu ya mfano

Tuchukue biashara moja tuipitishe milango yote mitatu. Kwa sasa inauza wastani wa shilingi 150,000 kwa mwezi. Malighafi na chupa hula asilimia 45, kwa hiyo zinabaki 82,500. Kodi ya chumba ni 12,000, wasaidizi wawili 26,000, umeme, vibali na usafiri 8,000, na kodi ya serikali ya asilimia 3 ya mauzo, ile ya wenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni 4,500. Halafu kuna ujira wa mwenyewe, 20,000. Faida halisi ni 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka.

Huo ujira ndio wengi husahau kuuandika. Ukiuacha, faida inaonekana 32,000, na mwenye fedha aliyewahi kuendesha duka atakuuliza swali moja tu: "Na wewe unakula nini?" Hapo mazungumzo yanaharibika.

Laki tano zinaombwa kwa kazi hizi: masufuria ya chuma kisichoshika kutu, mizani na mashine ya mkono ya kujazia, 120,000, upimaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, tumeweka 60,000, chupa na lebo za jumla, 150,000, malighafi ya msimu, 110,000, na akiba ya miezi ya mvua, 60,000. Deni la zamani la duka halimo, wala rangi mpya ya ukuta. Mwenye fedha akiona deni la zamani ndani ya orodha hii anajua kwamba fedha zake zitapita kwako kwenda kwa mtu mwingine.

Utaratibu wa kutumia una uzito kuliko orodha yenyewe. Anayechapisha lebo 3,000 kabla bidhaa haijakubaliwa anajitafutia hasara, kwa sababu lebo ikiambiwa haina orodha ya viungo, ujazo, namba ya mkupuo au tarehe ya kuisha, zote ni za kutupa. Kwa hiyo alama kwanza, lebo baadaye. Mwombe mwenye fedha atoe kwa awamu mbili: 240,000 mwanzo kwa vyombo, upimaji na akiba, halafu 260,000 ya chupa, lebo na malighafi baada ya alama kupatikana. Kwa kumwomba hivyo unamwonyesha kwamba unajua kazi yako ilivyo.

Mambo yakienda vizuri, katika mwaka wa pili biashara inauza 260,000 kwa mwezi. Malighafi inashuka hadi asilimia 42 kwa sababu chupa zinanunuliwa kwa jumla. Baada ya wasaidizi kuongezwa, kodi kulipwa na ujira wako kupanda hadi 30,000, faida inakuwa kama 50,000 kwa mwezi, au 600,000 kwa mwaka. Namba hizi ni za mfano, lakini umbo lake ndilo ninaloliona madukani: mauzo hayajafika hata mara mbili, faida imekua zaidi ya mara nne, kwa kuwa kodi ya chumba haikupanda.

Mlango wa kwanza: hisa

*Fedha zitumike wapi.* Hisa zinafaa kwa vitu vinavyokaa: vyombo, alama ya ubora, jina. Mwenye hisa hasubiri kurudishiwa mwezi ujao, kwa hiyo fedha zake zinaweza kufanya kazi ambayo matunda yake yanachelewa. Ila kuna jambo moja la kwanza. Ukiwa umesajili jina la biashara tu, huna hisa za kuuza. Inabidi ufungue kampuni binafsi kupitia eCitizen, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, na uhamishie humo mali na kazi.

*Thamani.* Hapa ndipo asilimia 20 inapoumbuka. Ukiomba 500,000 kwa asilimia 20 unasema kwamba baada ya fedha kuingia biashara ina thamani ya milioni 2.5, na kabla ya hapo ilikuwa na thamani ya milioni 2. Biashara inayopata faida ya 144,000 kwa mwaka! Duka dogo linalomtegemea mtu mmoja ni nadra kupata mnunuzi wa zaidi ya faida ya miaka mitatu hivi, na kwa kipimo hicho lako leo ni kama 432,000. Ukipima kwa faida ya mwaka wa pili, 600,000 mara tatu, unapata milioni 1.8, ila hiyo ni ahadi, haijawa fedha. Mahali pa kukutania ni katikati, na mimi ningesema milioni 1 kabla ya fedha kuingia. Inakuwa milioni 1.5 baada ya kuingia, na laki tano ni theluthi.

Theluthi inauma, najua. Tena ina jambo ambalo halionekani kwenye hesabu: maazimio maalumu ya kampuni, kama kubadili katiba yake, yanahitaji asilimia 75 ya kura. Mwenye zaidi ya robo anaweza kuyazuia. Ukitaka abaki chini ya robo, omba fedha kidogo zaidi. Usipandishe thamani kwa maneno.

*Marejesho.* Hisa za kampuni ndogo ya Lamu hazina soko. Mwekezaji anapata fedha kwa njia mbili tu, gawio la faida au wewe kumnunua. Tuseme kuanzia mwaka wa pili mnagawa nusu ya faida na nusu inabaki kazini. Theluthi yake katika 300,000 ni 100,000, na baada ya makato ya asilimia 5 ya gawio anapokea 95,000. Kwa gawio peke yake atasubiri zaidi ya miaka mitano tangu gawio la kwanza ili arudishe mtaji. Angekubali asilimia 20 yako ya mwanzo, angesubiri zaidi ya minane. Ndiyo maana mwenye fedha anayeelewa hukataa bila hata kueleza.

Kinachofanya hesabu hii ikubalike ni kifungu cha kununuliwa: baada ya mwaka wa nne una haki ya kununua hisa zake kwa mara tatu ya faida ya mwaka uliopita. Faida ikiwa bado 600,000, theluthi yake inauzwa 600,000. Ukijumlisha na gawio la miaka mitatu, 285,000, amepata 885,000 kwa laki tano zake. Andikeni pia kwamba unaweza kulipa kwa awamu katika miaka miwili, kwa sababu siku hiyo hutakuwa na laki sita mfukoni.

*Ugomvi.* Mgao. Wewe unataka kununua mashine nyingine, yeye anataka gawio. Sheria hairuhusu kugawa kama hakuna faida, lakini haikulazimishi kugawa faida ikiwepo. Msipoandika kiasi, mwenye hisa chache anaweza kukaa miaka bila kuona senti na bila wewe kuvunja sheria yoyote.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kutoka Lamu, apeleke mafuta yake Malindi, Mombasa na Nairobi, na aliye tayari kuulizwa maswali na mtu mwingine kila robo mwaka.

Mlango wa pili: mgawo wa mauzo mpaka kikomo

*Fedha zitumike wapi.* Hapa mwenye fedha anachukua asilimia ya mauzo ya kila mwezi mpaka afikishe kiasi mlichokubaliana, kisha mmeachana. Kwa kuwa malipo yanaanza mapema, fedha ziende kwenye kile kinacholeta mauzo mapema: chupa, malighafi, mzigo wa msimu. Ukizitia kwenye upimaji wa KEBS na kusubiri, utaanza kulipa kabla hujauza chupa moja ya ziada. Omba miezi mitatu ya kungoja.

*Thamani.* Haihitajiki, na hiyo ndiyo raha yake kubwa. Hakuna anayebishana kama jina lako lina thamani ya milioni moja au mbili. Mnabishana juu ya namba mbili tu, asilimia na kikomo.

*Marejesho.* Tuseme asilimia 8 ya mauzo mpaka ifike 700,000. Katika miezi sita ya mwanzo ya kulipa mauzo ni 180,000 kwa mwezi, anapokea 14,400 kila mwezi, jumla 86,400. Mauzo yakifika 260,000 anapokea 20,800, na zilizobaki zinaisha katika miezi 30 hivi. Kwa jumla ni kama miaka mitatu. Faida yake ni 200,000, na kwa kuwa mtaji unarudi kidogo kidogo na anaweza kuuzungusha kwingine, kiwango chake kwa mwaka kinapita asilimia 20. Kwa mwenye fedha ambaye hataki mikutano, si vibaya.

Sasa itazame asilimia 8 kutoka upande wako. Leo, kwa mauzo ya 150,000, asilimia 8 ni 12,000, yaani faida yako yote. Na mwezi wa Mei, mvua ya masika inanyesha, wageni hawapo, mauzo yameshuka hadi 90,000, biashara yenyewe ina hasara ya kama 19,000 na bado unamlipa 7,200. Malipo yamepungua, ndiyo, lakini hayajakoma, kwa sababu mauzo hayajui kama una faida. Ile akiba ya 60,000 kwenye orodha ndiyo kazi yake. Ukiweza, wekeni pia kwamba mwezi wenye mauzo chini ya 100,000 haulipiwi, bali unasogezwa mbele.

Kuna swali jingine ambalo Lamu halikwepeki. Mtu ametoa laki tano, anarudishiwa laki saba zilizotajwa tangu mwanzo. Je, hii si riba iliyovaa kanzu? Wapo watakaosema ndiyo. Kabla ya kutia sahihi muulize shehe unayemwamini, na umwonyeshe maneno ya mkataba wenyewe, maana jina lake peke yake halitamsaidia kujibu.

*Ugomvi.* Mauzo. Ya Lipa na M-Pesa yana taarifa inayochapishika, hayo hayana shida. Tatizo ni fedha taslimu za harusi na zile za wageni wa mahoteli. Mwenye fedha akianza kumtuma mpwa wake akae dukani kuhesabu wateja, ujue kwamba mkataba umeshakufa. Dawa yake ni kitabu cha risiti chenye namba, na mauzo yote ya taslimu kuingizwa kwenye simu ya biashara siku ile ile.

*Inamfaa nani.* Mwenye faida nene kwa kila chupa na mauzo yasiyoyumba sana. Duka la Malindi mjini lenye wateja wa saluni mwaka mzima linaubeba mlango huu kwa urahisi kuliko kibanda kinachotegemea Desemba.

Mlango wa tatu: mudharaba

*Fedha zitumike wapi.* Mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa kazi, faida inagawanywa kwa uwiano uliotajwa mwanzo. Inafaa kwa mzigo unaozunguka na kuisha, si kwa sufuria. Kwa hiyo katika laki tano zetu mlango huu ungechukua ile 260,000 ya chupa, lebo na malighafi, na vyombo na alama ya ubora ungevitafutia kwingine, au uvilipie mwenyewe polepole. Fungua daftari lake peke yake. Mafuta ya mudharaba yakichanganywa na mafuta yako ya kila siku kwenye rafu moja, hakuna atakayejua faida ni ya nani.

*Thamani.* Jina lako halithaminiwi. Kinachohitaji thamani ni mzigo utakaobaki mwisho wa msimu, na hapo kwenye urembo kuna mtego. Singo kavu na mafuta yaliyofungwa vizuri hukaa. Singo iliyokwisha kulowanishwa kwa marashi, bila kihifadhi, huota ukungu baada ya muda mfupi. Andikeni mapema kwamba bidhaa ya maji iliyobaki huhesabiwa sifuri, na kavu huhesabiwa kwa bei ya kutengenezea. Na mafuta ya nazi yakiganda msiyatupe. Chini ya nyuzi 24 hivi huwa meupe na magumu, yakipata joto yanarudi. Mnunuzi wa Nairobi atakupigia simu kulalamika, mweleze hivyo hivyo.

*Marejesho.* Tuseme mzigo umeandaliwa Oktoba na kuuzwa mpaka Januari. Mauzo ni 470,000. Mtaji ulikuwa 260,000, na gharama za msimu, yaani wasaidizi, jahazi na lori kupitia Mokowe, kamisheni za mahoteli na kodi, ni 90,000. Faida ni 120,000. Kwa uwiano wa 40 kwa 60, mwenye fedha anapata 48,000 na mtaji wake, wewe unapata 72,000. Kwake ni zaidi ya asilimia 18 katika miezi minne, na anaweza kuondoka au kurudia msimu ujao.

Msimu ukiharibika? Mauzo yakiwa 240,000, ukitoa gharama zile zile zinabaki 150,000 mkononi. Mtaji umepungukiwa 110,000, na tumaini lililobaki ni mzigo ulio stoo. Usipouzika, hasara ya fedha ni ya mwenye fedha na wewe umepoteza jasho la miezi minne, isipokuwa ikithibitika ulizembea au ulivunja masharti. Huwezi kumdhaminia mtaji wake. Mwenye fedha akisema "faida tugawane, lakini laki zangu zirudi vyovyote iwavyo", hiyo si mudharaba tena, na ni heri mrudi mlango wa pili mkijua mnachofanya.

*Ugomvi.* Gharama. Msaidizi aliyefanya kazi zako na za mudharaba, ujira wake wote uliandikwa wapi? Je, umejiandikia mshahara? Kawaida ya mudharaba mwendeshaji hula fungu lake la faida, hajilipi mshahara kutoka kwenye mtaji, kwa hiyo miezi minne hiyo lazima duka lako la kawaida likulishe. Wengi hawalifikirii hili mpaka Novemba.

*Inamfaa nani.* Wanaoaminiana tayari, wenye kutaka kujaribiana kwa msimu mmoja, na wasiotaka maswali ya riba.

Kulingana na hali yako

Kama huna daftari la mauzo la miezi 12, usiombe hisa wala mgawo wa mauzo. Anza na mudharaba ya mzigo mmoja, laki moja au mbili, na daftari litakalotokana nalo ndilo utakalokwenda nalo Shela mwaka ujao.

Kama fedha unazihitaji hasa kwa vyombo na alama ya KEBS, hisa ndiyo njia yenye subira ya kutosha. Nenda na thamani unayoweza kuionyesha kutoka faida ya leo hadi ya kesho, na kifungu cha kununua tena kiwe kimeandikwa.

Kama faida yako kwa kila shilingi 100 ya mauzo, baada ya kujilipa, haijafika 15 hivi, mgawo wa asilimia 8 utakukaba miezi ya mvua. Ikiwa imezidi 20 na hutaki mtu ndani ya maamuzi yako, ni mlango mzuri, na siku ya kikomo biashara ni yako yote.

Kama mwenye fedha ni mjomba au wifi, mimi ningekwenda na mudharaba hata kama hisa zingekuwa nafuu kidogo, kwa kuwa ina tarehe ya kuisha na mtakutana kwenye harusi zote. Kama ni mgeni mwenye nyumba Shela au Malindi ambaye yupo miezi mitatu kwa mwaka, mgawo wa mauzo unaolipwa kwa simu unampunguzia kazi, mradi mmekubaliana fedha taslimu zinaandikwa vipi.

Na kama anataka kuchanganya, inawezekana: hisa kwa ile 240,000 ya vyombo, upimaji na akiba, mudharaba kwa ile 260,000 ya mzigo. Iwe mikataba miwili na madaftari mawili. Kwa thamani ile ile ya milioni 1 kabla ya fedha kuingia, hisa zake zinakuwa asilimia 19 na ushei badala ya theluthi. Ndiyo ile asilimia 20 uliyokuwa umeiandika kwenye karatasi, ila safari hii ukiulizwa umeitoa wapi, unayo hesabu yake.